Salimu Mara Moja, Kisha Ngoja

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wakimbizi, Siku ya Wakimbizi Duniani, Rubavu)



Siku hii ya 20 Juni, ambayo ilianza kuadhimishwa duniani kote mwaka 2001, Komite imetuomba sisi walimu tuseme neno moja lenye faida kwa maisha yetu ya pamoja. Tumechagua kusema juu ya salamu. Si salamu zote, ila ile tunayompa mtu ambaye maneno hayamtoki kwa urahisi, na hasa mwenye kigugumizi. Tutaeleza ni kwa nini salamu ndiyo inayomtesa kuliko mazungumzo mengine, mtu afanye nini akikutana naye, na ni wakati gani msaada unafaa.

Kwanza tukielewe kigugumizi chenyewe. Mwenye kigugumizi anajua kabisa neno analotaka kulisema. Akili yake haina kasoro, wala si kwamba anatafuta la kusema. Shida iko katika kulitoa neno kwa wakati wake. Shida hiyo hujionyesha kwa namna tatu. Ya kwanza ni kurudia, kama anayesema "ma-ma-mama". Ya pili ni kuvuta sauti, kama anayesema "mmmmama". Ya tatu ni kukwama: mdomo umekaa tayari, lakini sauti haitoki hata kidogo. Hii ya tatu ndiyo inayodanganya watu zaidi, kwa sababu kwa nje inafanana na kunyamaza. Mara nyingine utamwona anafumba macho, anatikisa kichwa au anapiga mguu chini. Hizo si dharau. Ni nguvu anazotumia ili neno litoke.

Kwa kawaida kigugumizi huanza utotoni, kati ya miaka 2 na 5. Watoto wengi kinawatoka baadaye, wengine kinabaki nao. Kati ya watu wazima 100, karibu 1 anacho, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Mara nyingi kinaonekana katika ukoo, kwa baba, kwa mjomba, kisha kwa mtoto. Wako wanaosema mtoto alitekenywa sana, au kwamba ulimi wake umefungwa chini na unapaswa kukatwa. Hayo siyo yanayoleta kigugumizi, na kumkata mtoto ulimi hakumponyi. Kunamletea kidonda bure. Hofu na uchovu vinaweza kukizidisha kwa siku fulani, lakini kwa mtu aliyekuwa nacho tangu utoto, hofu siyo iliyokizaa.

Sasa tuje kwenye salamu. Mwenye kigugumizi aliyezoea hali yake ana mbinu moja kubwa: akiona neno gumu linakuja, analikwepa na kuchukua jingine. Anataka kusema "kesho", anaona litamkwama, anasema "siku inayofuata". Anataka kusema "maharagwe", anasema "ile mboga ya jana". Watu hawatambui. Kwa njia hiyo anaweza kuzungumza kutwa nzima, na jirani yake asijue kwamba ana shida yoyote.

Lakini katika salamu mbinu hiyo inamfia mkononi. Salamu zina maneno yake, nayo yamekwisha kupangwa. Ukiambiwa "Jambo", jibu lake linajulikana. Ukiambiwa kwa Kinyarwanda "Mwaramutse", jibu lake linajulikana pia. Tena linangojwa papo hapo. Na likifuata swali la "Unaitwa nani?", hapo hana mlango wa nyuma kabisa, maana jina lake halina neno jingine la kulibadilisha. Ndiyo sababu wengi wenye kigugumizi wanakwama kwenye jina lao wenyewe kuliko neno lolote. Msikilizaji asiyejua anashangaa: itakuwaje mtu asahau jina lake? Hajalisahau. Jina hilo ndilo neno pekee asiloweza kulikwepa.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Kwetu sisi mtu asiyeitika salamu anahesabiwa kuwa ana majivuno, au ana kisirani nawe. Mtoto asiyemwitikia mzee anaambiwa hana adabu, na mara nyingine anapigwa. Kwa hiyo mwenye kigugumizi anachagua kati ya mabaya mawili: akwame mbele ya watu na achekwe, au apite kimya na achukiwe. Wengi wanachagua kupita kimya. Anabadilisha njia ya kwenda bombani. Anachelewa kufika mkutanoni ili salamu ziwe zimekwisha. Anajifanya anatafuta kitu chini. Ukimwona mtu anayeongea vizuri na rafiki zake wawili watatu lakini anakwepa salamu za watu, usiharakishe kusema ana kiburi. Huenda ni ulimi unaomfanya akimbie.

Basi tufanyeje? Jambo la kwanza ni kumsalimu kama unavyomsalimu kila mtu. Usimruke kwa kumhurumia, wala usimsalimu ndugu yake ukampita yeye. Lakini salimu mara moja, kisha ngoja. Tunasema mara moja kwa sababu sisi tuna desturi ya kufululiza. Mtu anakutana na mwenzake anasema, "Jambo, habari ya siku nyingi, watoto, nyumbani, mama anaendeleaje, mguu umepona?" Kwa mwenye ulimi mwepesi hilo ni tamu, anajibu "nzuri, nzuri" na mambo yanakwisha. Kwa mwenye kigugumizi ni mvua ya mawe. Angali anatafuta njia ya kutoa jibu la swali la kwanza, la tano limefika. Mwulize moja tu, kisha funga mdomo wako. Akimaliza, mwulize la pili.

Jambo la pili ni kungoja kwenyewe, na hapa tuseme kwa vipimo, maana watu wengi wanadhani wamengoja na kumbe hawakungoja. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu akimaliza kusema, mwenzake anaitika upesi mno, kabla hata ya sekunde moja kwisha. Ndiyo maana kimya cha sekunde tatu kinatuonekea kama shimo, na kila mtu anataka kulifukia. Lakini mkwamo wa kigugumizi mara nyingi ni wa sekunde moja au mbili. Ulio mrefu unafika sekunde tano, na mara chache unapita hapo. Kwa hiyo ukihesabu polepole moyoni mwako hadi kumi, katika mikwamo mingi neno litakuwa limetoka kabla hujamaliza hesabu. Na likitoka, usirukie jibu. Vuta pumzi moja kwanza, kisha sema kwa mwendo wa taratibu. Ukiongea mbio, yeye pia anajiona anasukumwa kwenda mbio.

Wakati unangoja, uso wako unasema. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu yeyote anayezungumza nawe. Usikazie macho mdomo wake kama mtu anayetazama sufuria ichemke. Usigeuke pembeni kwa aibu, usitazame simu, wala usitabasamu kupita kiasi. Na kuna zawadi moja tuliyo nayo katika nchi hii: salamu ya mkono. Hapa Rwanda mtu anampa mkubwa mkono wa kulia na kuushika kwa mkono wa kushoto kwa heshima. Mkono ukishapewa, salamu imekwisha kuanza hata kabla ya neno. Mwenye kigugumizi akikupa mkono, hesabu kwamba amekusalimu. Upokee, utulie nao, usiuvute wala usiuachie haraka kwa kukata tamaa. Neno likifuata, vema. Lisipofuata, tayari mmesalimiana.

Jambo la tatu ni yale yasiyofaa kusemwa. Watu wenye nia njema husema, "Polepole", "Tulia", "Vuta pumzi", "Usiogope". Tunajua maneno hayo yanatoka moyoni. Lakini fikirini yanavyosikika kwa anayeambiwa. Yeye alikuwa anakuletea habari, nawe unamjibu juu ya ulimi wake. Unamwonyesha kwamba hukusikiliza alichosema, ulisikiliza alivyokisema. Zaidi ya hayo, ameambiwa hivyo tangu utoto. Kama kuambiwa "tulia" kungeponya kigugumizi, asingekuwepo mwenye kigugumizi hata mmoja.

Lisilofaa zaidi ni kummalizia neno. Tutalieleza kwa mfano, maana ndilo lenye madhara makubwa katika maisha ya kambi. Mfano huu si habari ya mtu mmoja, tumeutunga ili kila mmoja auone.

Kijana amevuka mpaka wa Gisenyi kwenye barieri ndogo akitoka upande wa Masisi, na amefikishwa katika kituo cha kupokelea wakimbizi cha Nkamira. Mama yake alitangulia kufika na tayari ameandikwa pamoja na majina ya watoto wake, huyu akiwamo, kwa jina la Bahati. Kijana anasimama kwenye meza. Nyuma yake kuna watu mia, wamechoka, watoto wanalia. Anaulizwa jina. Anasema "Ba-ba-ba", kisha anakwama. Mtu wa mezani, au jirani aliye nyuma yake katika mstari, anataka kumsaidia, anasema: "Baraka?" Kijana anajua si hilo. Lakini kukataa kunamaanisha aanze upya, mbele ya watu mia, na neno lilelile lililomkwama. Anatikisa kichwa kukubali. Imeandikwa Baraka.

Anaulizwa kijiji, anakwama tena. Anamaliziwa tena. Anaulizwa alifika na nani, anachelewa kujibu, na sasa mwandishi anaanza kumtazama kwa shaka, maana watu wengi wanaamini kwamba anayesitasita anatunga uongo. Siku ya kupokea msaada, mama ana mtoto aitwaye Bahati asiyeonekana, na kituo kina kijana aitwaye Baraka asiye na mama. Kulirekebisha hilo kunataka siku nyingi, mashahidi, na zaidi ya yote kunataka kijana huyohuyo aeleze tena, kwa mdomo, jinsi ilivyotokea. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wote walitaka kumsaidia. Lakini msaada ulikuja kabla ya subira, na neno moja lililotolewa kwa haraka lilimtenga na nyumba yake kwenye karatasi.

Angalieni vizuri ile ishara ya kichwa. Mtu mwenye kigugumizi akimaliziwa neno, mara nyingi atakubali hata kama si lenyewe, ili mateso yakome. Kwa hiyo "ndiyo" ya kichwa, inayofuata neno ulilomtilia mdomoni, si jibu la kutegemea.

Sasa tumrudishe kijana yuleyule mezani, afanyiwe inavyofaa. Mwandishi anamsalimu: "Jambo, ndugu yangu." Anangoja. Kijana anaitika kwa mkono. Anaulizwa: "Unaitwa nani?" Anasema "Ba-ba", anakwama. Mwandishi anaweka kalamu chini. Kalamu iliyo juu ya karatasi inamsukuma mtu, iliyowekwa chini inamwambia kwamba wakati upo. Anahesabu moyoni. Pengine akifika sita, jina linatoka: "Bahati." Anaandika, kisha analisoma: "Nimeandika Bahati. Ni hivyo?" Hapo ndipo "ndiyo" ina maana, kwa sababu jina lilitoka kwake kwanza.

Na kama jina halikutoka? Kama amejaribu mara mbili, tatu, na unaona amechoka? Hapa ndipo zamu ya msaada inapofika. Lakini msaada nao unaanza kwa swali, tena swali linalojibika kwa kichwa au kwa mkono: "Tuendelee hivihivi, au ungependa njia nyingine?" Akitaka njia nyingine, mpe kalamu aandike mwenyewe, au aonyeshe karatasi aliyo nayo. Au mpeleke pembeni mbali na mstari, maana wengi wanaongea vizuri zaidi mbele ya mtu mmoja kuliko mbele ya umati. Akiwa na dada au rafiki, usimgeukie huyo na kuuliza, "Huyu anaitwa nani?" kana kwamba mwenyewe hayupo. Mwulize yeye: "Ungependa dada yako akusaidie kusema?" Akikubali, dada aseme, na macho yako yabaki kwa mwenyewe.

Wale wanaosoma Biblia wanaikumbuka habari ya Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4, alipolalamika kwamba kinywa chake ni kizito. Na wale wanaosoma Kurani wanaijua dua yake katika Sura Twaha, aliyoomba fundo la ulimi wake lifunguliwe. Katika vitabu vyote viwili Haruni anakuja kuwa msaidizi wake. Lakini angalieni utaratibu: Musa alisema kwanza, yeye mwenyewe, na akasikilizwa hadi mwisho. Haruni hakuruka katikati ya neno la ndugu yake.

Liko jambo jingine dogo. Kama hukusikia, usijifanye umesikia. Kutikisa kichwa na kusema "eee, eee" kumbe hujaelewa ni kumfukuza mtu kwa adabu. Rudia ulichokipata, uombe kilichobaki: "Nimesikia unatoka Masisi, jina la kijiji halijanifikia vizuri." Hivyo hatarudia yote, atarudia kipande kimoja tu.

Kwa wazazi tunaongeza hili. Mgeni akiingia nyumbani, huwa tunamsukuma mtoto mbele: "Haya, sema jambo kwa mzee! Sema! Umekuwa bubu?" Kwa mtoto mwenye kigugumizi, hiyo ni kumpandisha jukwaani. Mwache asalimu kwa mkono, au msalimuni mgeni pamoja, wewe na yeye kwa sauti moja. Kusema pamoja na mwingine kunawarahisishia sana wenye kigugumizi, na ndiyo sababu wengi wao wanaimba kanisani bila kukwama hata mara moja. Darasani nasi walimu tunaweza kulitumia hilo: mtoto asome na mwenzake kwa pamoja, na wakati wa kuita majina aruhusiwe kuinua mkono badala ya kuitika, kama mwenyewe anapenda hivyo. Anayecheka akanywe kwa maneno machache, na somo liendelee, pasipo kumfanya mwenye shida kuwa hotuba ya siku.

Mwisho, tuweke mpaka wa haya tuliyosema. Si kila ugumu wa kusema ni kigugumizi. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kulipoteza neno lenyewe, si kukwama tu katika kulitoa. Huyo pia anahitaji kungojewa, lakini pengine kumpa kalamu hakutamsaidia, maana hata kuandika kunaweza kumpotea. Yeye anafaa kuulizwa maswali mafupi ya ndiyo na siyo, moja moja, na kuonyeshwa vitu: "Maji? Au chai?" Usimpigie kelele, maana kilichougua si masikio.

Na kuna hali moja ambayo subira haifai kabisa. Mtu aliyekuwa akisema vizuri asubuhi, kisha ghafla maneno yakamvurugika, au upande mmoja wa uso ukalegea, au mkono mmoja ukakosa nguvu, huyo usimhesabie hadi kumi. Hicho huenda ni kiharusi kinachoanza, na katika kiharusi kila dakika inayopita inaua sehemu ya ubongo. Waiteni wahudumu wa afya wa kituo mara moja ili afikishwe hospitali, na mshike saa ilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza. Hata kama baada ya muda mfupi anaonekana kupona, apelekwe tu.

Lakini kwa yule tuliyemjua siku zote, jirani yetu ambaye "jambo" yake inachukua sekunde sita, dawa yake kwetu ni hizo sekunde sita. Kesho asubuhi mtakutana naye bombani. Msalimuni mara moja, wekeni ndoo chini, na mngoje.